Bushi Iliyovishwa kwa Moto

Bushi iliyovishwa kwenye shafti kwa moto haina boliti wala kabari wala gundi. Kinachoishika ni tofauti ya vipimo tu. Tundu lake lilikerezwa likawa dogo kidogo kuliko shafti, likapanuliwa kwa joto hadi shafti ikapita, kisha likapoa na kung'ang'ania. Ukiitazama kazi ikishamalizika huoni chochote cha kushangaza, chuma juu ya chuma na mstari mwembamba kati yake. Ninachokipenda katika ufundi huu ni kwamba nguvu iliyofichika ndani ya mstari huo, ambayo hakuna geji inayoweza kuingia kuipima, inajulikana kabla moto haujawashwa.

Tuchukue shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Mahali inapokaa beringi yenye tundu la milimita 65 pamelika, na beringi sasa inacheza. Fundi anakereza sehemu hiyo hadi ifike milimita 60 kamili, kisha anatengeneza bushi ya chuma yenye urefu wa milimita 40. Kwa nje anaiacha nene, milimita 80, ili chaki iishike vizuri bila kuipinda. Tundu analifikisha milimita 59.94. Tofauti ya 0.06, karibu na unene wa unywele mmoja, ndiyo mzidio wetu, na kila kitu kitatoka humo.

Bushi ikipoa inataka kurudi 59.94, na shafti inataka kubaki 60. Lazima mmoja alegeze, na hawalegezi sawasawa. Bushi inatanuka kwa takriban 0.051, shafti inasinyaa kwa 0.009 tu. Sababu ni kwamba shafti isiyo na tundu inabanwa kutoka pande zote za mzingo wake na haina nafasi ya kukimbilia. Mbano ulio kwenye ngozi yake ndio huohuo ulio katikati kabisa, bila kupungua hata chembe. Zaidi ya hapo, chuma kikibanwa upande mmoja huvimba upande mwingine, na kikibanwa pande mbili kwa pamoja, kila upande huusaidia mwenzake kukataa kusinyaa. Kwenye bushi tabia hiyohiyo inafanya kinyume: inasaidia tundu kufunguka. Kiasi kinachopunguzwa kwa shafti ndicho kinachoongezwa kwa bushi. Kwa hiyo vyote viwili vikiwa vya chuma cha aina moja, tabia hiyo inafutika kabisa katika hesabu, na kinachobaki ni hiki:

p = (E·δ / 2d) · (1 − d²/D²)

Hapa p ni shinikizo la mgusano, E ni ukaidi wa chuma, karibu megapaskali 200,000, δ ni mzidio wa kipenyo, d ni kipenyo cha mgusano na D ni kipenyo cha nje cha bushi. Msingi wake ni kazi ya Gabriel Lamé, mhandisi Mfaransa wa karne ya 19 aliyewahi kufundisha St. Petersburg na ambaye mwaka 1852 alichapisha kitabu kizima juu ya unyumbufu wa vitu vigumu. Hesabu yake ya mitungi minene ni ndefu. Kwamba kwa shafti nzima inajikunja na kuwa mstari mmoja, hilo bado linanifurahisha kila ninapoliandika.

Tuingize namba. 200,000 mara 0.06, gawanya kwa 120, unapata 100. Mabano yanatoa 1 kutoa 3,600 kwa 6,400, yaani 0.4375. Shinikizo ni megapaskali 43.75. Likizidishwa kwa eneo la mgusano, na msuguano ukiwa 0.12, bushi inahitaji kusukumwa kwa karibu kilonyutoni 40 ndipo iteleze. Ni uzito wa tani nne unaotokana na unywele mmoja.

Lakini bushi nayo inalipa. Ngozi ya ndani ya tundu inavutwa kwa mzunguko kwa megapaskali 156 huku ikibanwa na zile 43.75. Chuma huacha kurudi katika umbo lake kwa kufuata tofauti kati ya mvuto na mbano, na hapa tofauti hiyo ni 200 kamili. Hiyo 200 ni E mara δ gawanya kwa d, bila D kuonekana popote. Wengi hudhani bushi nene itanusurika pale ambapo nyembamba ingezidiwa. Ngozi ya ndani haijali unene. Inajali mzidio kwa kila milimita ya kipenyo, basi. Kwa chuma laini kinachozidiwa kwenye megapaskali 250, mpaka wetu ni mzidio wa 0.075.

Ndiyo maana wakati wa kupima una uzito zaidi kuliko maikromita yenyewe. Bushi inayotoka kwenye mashine ya kukereza ina joto. Ikiwa ni nyuzi 20 juu ya shafti iliyokuwa imelala mezani, tundu lake limepanuka kwa 0.014. Fundi anasoma 59.94, anaridhika, na baada ya nusu saa tundu ni 59.926. Mzidio wa kweli ni 0.074, na ngozi ya ndani imefika ukingoni. Namba imesomwa sawa, mkono haukutetemeka, lakini kipimo si chenyewe. Dawa ni subira: bushi na shafti vilale pamoja hadi vilingane joto, ndipo vipimwe.

Kupasha moto kwenyewe hakuna fumbo. Tunataka tundu lifunguke 0.06 ya mzidio na 0.06 nyingine ya nafasi ya kupita, na hiyo inadai kama nyuzi 170 juu ya joto la chumba, yaani karibu 200. Ovena hufanya hivyo kwa usawa zaidi kuliko tochi ya gesi, ambayo hupasha upande mmoja na kulifanya tundu kuwa yai. Chuma kilichosafishwa kikianza rangi ya manjano hafifu, kimefika. Kikiwa buluu kimepita mno. Kisha bushi inavishwa mara moja hadi mwisho, kwa sababu ikisimama katikati huanza kushika papo hapo.

Ikishapoa upo ushahidi ambao mafundi wengi hawauombi. Kipenyo cha nje nacho kimekua, na ukuaji wake ni δ mara d gawanya kwa D: kwa bushi yetu, 0.045. Pima nje kabla ya moto, pima tena baada ya kupoa. Ukikuta imekua 0.037 tu, basi mzidio uliofanya kazi ni 0.05, na ule mwingine umemezwa na vinundu vya ukerezaji vilivyolala chini ya mgusano.

Imebaki kukereza nje hadi milimita 65, na hapa hesabu ya kwanza inakufa. D sasa ni 65, mabano yanashuka hadi 0.148, na shinikizo linakuwa chini kidogo ya megapaskali 15. Theluthi mbili za mshiko zimetoka pamoja na chuma kilichokerezwa. Kwa beringi, ambayo haidai bushi ibebe msokoto wa mota, tani moja na kidogo inatosha. Kama mahali hapo pangekaa puli, msokoto wote ungepita kwenye mgusano huo, na bushi ya unene wa milimita mbili na nusu ingeachiwa takriban nyutonimita 400 tu kabla ya kuteleza.