Kinachobaki Baada ya Kufuta

Maji ya baadhi ya visima vya Dar es Salaam yana chumvi, na mtu wa Kariakoo anayeyanunua kwa dumu huijua chumvi hiyo kwa ulimi tu. Maabara ina njia yake. Unamimina maji kidogo kwenye neli ya majaribio, unadondosha nitrati ya fedha, na papo hapo weupe mzito unatokea, unajikusanya, unatua chini. Ukiuacha kwenye mwanga, unaingia zambarau hafifu, kisha ukijivu.

Mwanafunzi ataandika AgNO₃ + NaCl → AgCl + NaNO₃, wala hajakosea. Lakini ndani ya maji yale hakuna NaCl iliyoshikamana. Na⁺ iko kivyake na Cl⁻ kivyake, vivyo hivyo Ag⁺ na NO₃⁻. Basi kilichoyeyuka tukiandike kimetengana, na mashapo tuyaache mazima:

Ag⁺ + NO₃⁻ + Na⁺ + Cl⁻ → AgCl + Na⁺ + NO₃⁻

Na⁺ na NO₃⁻ zimeingia na kutoka vilevile. Hao ni ayoni watazamaji. Tunawafuta pande zote mbili:

Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)

Hapa ndipo ninapoupenda ufundi huu. Kloridi ya kisimani haitoki kwenye chumvi ya sodiamu peke yake. Nyingine imekuja na magnesiamu, nyingine na kalsiamu. Milinganyo mirefu ingekuwa mitatu, huu mfupi unaibeba yote.

Na mpimaji mzuri huwachagua watazamaji wake mapema. Maji ya kisima yana bikabonati pia, na fedha huweza kutoa mashapo na kabonati, yakakudanganya. Kwa hiyo kabla ya nitrati ya fedha hutiwa asidi:

H⁺ + HCO₃⁻ → H₂O + CO₂

Vipovu vinapanda, kikwazo kimeondoka. Ila asidi hiyo lazima iwe ya nitriki, kwa sababu NO₃⁻ yake itakaa pembeni hadi mwisho. Ukitia asidi ya hidrokloriki umeleta Cl⁻ yako mwenyewe, na hata maji yaliyokenekwa yatageuka meupe.

Asidi ikikutana na alikali, jicho ni lilelile. Kostiki soda ya watengeneza sabuni ikizimwa kwa asidi ya hidrokloriki, Na⁺ na Cl⁻ zinafutika, inabaki H⁺ + OH⁻ → H₂O. Weka asidi ya nitriki, jibu halibadiliki. Ila ukichukua siki, usiikate kwa mazoea. Asidi yake ni dhaifu, molekuli nyingi bado ni nzima majini, na nzima ndivyo zinavyoandikwa:

CH₃COOH + OH⁻ → CH₃COO⁻ + H₂O

Aliyefutika ni Na⁺ peke yake. Hesabu chaji: hasi moja kushoto, hasi moja kulia. Zisipolingana, kuna ayoni iliyofutwa upande mmoja tu.