Dereva wa Kyela na Fimbo Yake ya Mwanzi

Teksi ilikuwa imezimwa, mgeni amekwisha kukaa kiti cha nyuma na begi lake mapajani, lakini dereva hakugusa ufunguo. Aligeuka, akaweka mkono juu ya kiti na kuanza kuuliza. Mimi nilikuwa kiti cha mbele kwa ruhusa yake, kwa kuwa nilitaka kumwona akifanya kazi usiku, na kumbe kazi yenyewe huanza gari likiwa limesimama.

Mgeni huyo alikuwa binti aliyetumwa Katumba Songwe, kwa mjomba wake. Simu ilikuwa imekwisha chaji, na mchana konda alikuwa amemshusha Katumba ya Rungwe, ile ya mashamba ya chai unayoipita ukitoka Mbeya kabla ya kufika Tukuyu. Majina ya huku humpoteza hata mtu makini. Songwe ni mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni uwanja wa ndege ulioanza kazi mwaka 2012. Tena ni mito miwili: mmoja humwaga maji Ziwa Rukwa, mwingine Ziwa Nyasa. Kata ya Katumba Songwe iko Kyela, upande wa huo mto wa pili, na mpaka apate gari la kumteremsha hadi mjini Kyela, ilikuwa saa tatu usiku.

“Mwanangu, mjomba wako anasali wapi?” dereva aliuliza. Kwa Wamoraviani, akajibu. “Analima mpunga au kokoa?” Vyote. “Ulipokuja ukiwa mdogo, mlikuwa mkichota maji mtoni kwa miguu?” Ndiyo, na walikuwa wakivuka daraja la miti. “Asubuhi ukitoka mlangoni, milima ya Livingstone unaiona mbele yako au ubavuni?” Binti alifumba macho, akanyoosha mkono wa kulia. Dereva akatikisa kichwa taratibu. Mpaka hapo hakuwa ameuliza jina la mtaa wala namba ya nyumba. Alikuwa akipata upande ambao mlango unatazama, umbali kutoka mtoni, na kanisa ambalo watu wake wangeweza kuulizwa hata usiku.

Kisha alishuka. Alifuta taa za mbele kwa kitambaa kibichi, akakirudia kioo kwa kikavu. Alibonyeza kila gurudumu kwa kiganja, akalitazama moja kwa tochi mara mbili. Nyuma ya viti alilaza fimbo ya mwanzi yenye alama mbili zilizokatwa kwa kisu. Alinionyesha: alama ya chini inalingana na nusu ya gurudumu, ya juu inalingana na mdomo wa bomba linalovuta hewa ya injini. Maji yakiingia kwenye bomba hilo, injini huyameza na kuvunjika ndani, na hapo hakuna fundi wa usiku wa kukusaidia.

Nilidhani sasa tungeshika barabara. Badala yake alitupeleka nyuma ya mji, kwenye vichochoro ambavyo mgeni wa mchana havioni. Ilikuwa mwishoni mwa Mei: mvua kubwa za Kyela zilikuwa zimeanza kupungua, mpunga unavunwa, na barabara za vijijini bado zina maji. Ubao hakuna wa kukuambia ipi inapitika. Habari hizo zina watu wake, na dereva alijua kila mmoja anakaa wapi saa ile.

Kituo cha kwanza kilikuwa uani kwa mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ilikuwa imenyamaza, vijana wamekaa juu ya magunia chini ya taa moja, na lundo la pumba limepanda hadi usawa wa dirisha. Harufu ya mchele mpya wa Kyela ilikuwa imejaa ua mzima. Dereva alisalimia wote, akauliza habari za nyumbani, hakuharakisha. Hatimaye akauliza ni nani aliyeleta mpunga jioni kutoka upande wa mto. Kijana mmoja akaonyesha suruali yake: tope lilikuwa limekauka chini kidogo ya goti. Dereva alilitazama tope lile kwa tochi. Lilikuwa jeusi la majaruba, si mchanga wa mto. Maana yake maji ya njiani yalikuwa yametuama, hayakuwa mto uliovunja ukingo.

Tuliingia kichochoro kingine, penye ghala la kokoa. Kabla sijaliona, nilinusa ukali kama wa siki, wa mbegu zilizofunikwa zivunde kabla ya kuanikwa. Mlinzi alitoka na kikombe cha kahawa. Kwake dereva alitaka jambo moja tu, iwapo lori la jioni lilikuwa limerudi na kwa njia gani. Lilikuwa limerudi kwa njia ya juu. Binti, ambaye alipopanda alikuwa amekumbatia begi lake kwa mikono miwili, sasa alikuwa ameshusha kioo na kuuliza kokoa huvundikwa siku ngapi. “Tano, sita,” mlinzi alisema, “na unaigeuza katikati ili ive sawasawa.”

Barabarani niliutazama mguu wa dereva na macho yake. Kyela ni tambarare ya baiskeli, na nyingi hazina taa. Dereva hakuwasha taa kubwa hata mara moja. Alieleza kwamba taa ya chini hulaza kivuli, shimo likaonekana jeusi tangu mbali, lakini taa kubwa husawazisha kila kitu na kumpofusha anayekuja na gunia. Mwendesha baiskeli, yeye alimtambua kwa mng’ao mdogo wa pedali unaopanda na kushuka. Kila alipouona alipunguza mwendo, akahamia pembeni, akampisha kwanza.

Kwenye maji alisimama, akaacha taa zikiwaka. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia na fimbo. Alichoma chini kila hatua, kushoto na kulia, akisikiliza kama ni changarawe au tope. Alidondosha jani juu ya maji, akalitazama. Halikwenda popote. Maji yakitembea na kufika gotini hageuzi neno, anarudi mjini na kumlaza mgeni nyumbani, kwa mke wake. Usiku ule yaliishia chini ya alama ya kwanza. Alirudi, akaweka gia ya kwanza, akaingia polepole bila kubadilisha gia na bila kuachia mafuta, wimbi dogo likitangulia mbele ya bampa. Ng’ambo alikanyaga breki kidogo kidogo kwa mwendo wa mguu hadi zikakauka na kushika.

Kuhusu lile daraja la miti hakujisumbua. Songwe ya chini, alisema, huhama. Hula ukingo huu, hujaza ule, na kwa kuwa ndio mpaka wetu na Malawi, mtu anaweza kukuta shamba lake limebaki ng’ambo. Kwa hiyo alilitafuta kanisa kwanza, akamwamsha mzee mmoja kwa hodi ya upole, na mzee akanyoosha kidole kwenye njia ya migomba. Mlango ulitazama kaskazini, milima ikiwa kulia, kama binti alivyokumbuka.

Mjomba alitoka na taa mkononi. “Ndaga, tata, ndaga,” alimwambia dereva, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. Dereva alipokea nauli ileile waliyokubaliana stendi. Kwa mzunguko wa mjini hakuongeza hata shilingi, kwa kuwa kwake huo ulikuwa sehemu ya safari.

Ukitumwa Katumba Songwe, taja Kyela kwanza unapokata tiketi. Ukifika usiku, mwambie dereva mwenyeji wako anasali wapi na mlango wake unatazama wapi, kisha mwache aulize njia anakojua yeye.