Pongezi kwa Barua ya Kuaga

Nampongeza mwalimu wa Mwingi anayewaandikia wazazi kabla ya kuhama, na pongezi kama hizo namtolea anayeifasiri barua hiyo kwa Kiitaliano ili wafadhili walioko Italia nao waisome.

Kazi ya mfasiri ni ngumu kuliko inavyoonekana. Tuchukue sentensi moja: “Nimekuwa mwalimu wa watoto wenu, nawaacha wakiwa gredi ya 5.” Kiswahili hakisemi kama mwalimu ni mwanamume au mwanamke, lakini Kiitaliano lazima kiseme. Akiwa mwanamke, itakuwa “sono stata la maestra”, akiwa mwanamume, “sono stato il maestro.” Asiyemjua mwandishi inabidi aulize, kwani akibahatisha, aliyeaga anageuka mtu mwingine.

Gredi ya 5 nayo ina mtego. Shule ya msingi ya Italia ni miaka 5, kwa hiyo msomaji wa huko ataona mtoto amemaliza. Kenya bado ana gredi ya 6. Mfasiri mzuri anaongeza maneno machache tu: bado mwaka mmoja.

Halafu mwalimu anawashukuru wazazi waliolipa karo “hata mvua zilipokataa.” Ukambani kila mtu anaelewa: mvua za vuli zisiponyesha, Oktoba hadi Desemba, hakuna mahindi wala pojo za kuuza Januari shule zikifunguliwa. Mwitaliano hataelewa mpaka aambiwe kwamba mavuno ndiyo karo. Mfasiri anayelieleza hilo ndani ya sentensi ileile, bila kuikatiza shukrani, ametenda haki kwa wazazi wale.