Orodha ya Machapisho kama Matini: Uhakiki wa Alama za Mapitio na Hadhi katika Jalada la Kupandishwa Cheo

Orodha ya machapisho ni matini fupi inayosomwa kwa haraka na watu wasiomfahamu mwandishi wake. Mjumbe wa kamati ya uteuzi, ambaye pengine ni mwanasayansi wa udongo, hupewa jalada la mhadhiri wa Kiswahili na kutakiwa kuamua ni kazi ngapi zinahesabika. Mtathmini wa nje, aliyeko chuo kingine na pengine nchi nyingine, hupokea jalada hilohilo pamoja na vigezo vya chuo kinachomwomba atathmini. Wote wawili huuliza swali moja: kila kazi ilipitiwa na nani kabla ya kutoka, na je, imetoka kweli? Makala hii inahakiki namna orodha zinavyolijibu swali hilo. Inadai kwamba alama ya mapitio inapaswa kuwekwa kwenye kila kazi, si kwenye kichwa cha kundi wala kwenye jina la jarida.

Chukulia mhadhiri mwandamizi wa idara ya Kiswahili anayeomba uprofesa mshiriki. Mfano huu ni wa kubuni, ila kasoro zake ni za kawaida. Orodha yake ina kazi 21, zote chini ya kichwa "Machapisho", zimepangwa kwa miaka. Zinapotengwa kwa aina, picha hii inajitokeza: makala za majarida 6, sura za vitabu 3, makala katika vitabu vya makongamano 2, kitabu cha utafiti 1, vitabu vya kiada vya sekondari 2, uhakiki wa kitabu 1 na makala za magazeti 2. Zilizobaki ni 4: mbili zimeandikwa "inatathminiwa" na mbili "itatoka hivi karibuni".

Kutenga kwa aina ni kazi ya dakika chache. Ugumu unaanza pale kila kazi inapodaiwa ushahidi wake. Makala 6 za majarida zina ripoti za wasomaji na barua za wahariri. Katika sura 3, ni moja tu ambayo utangulizi wa kitabu unaeleza kwamba kila sura ilisomwa na wataalamu wawili. Nyingine mbili zilialikwa na kuhaririwa na mhariri peke yake. Kitabu cha utafiti kina barua ya mchapishaji inayoambatisha ripoti ya msomaji wa mswada. Hadi hapa hesabu ni 8.

Vitabu vya makongamano ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi, na wasomaji wa juzuu ya aina hii wanalijua hilo vyema. Makongamano mengi hupitisha ikisiri. Kamati husoma maneno mia mbili au mia tatu, hukubali au kukataa, kisha makala kamili hukusanywa baada ya kongamano na kuhaririwa kwa lugha na mtindo. Makongamano mengine hurudisha makala kamili kwa wasomaji na kuacha nje zile zisizofikia kiwango. Juzuu za aina zote mbili huweza kuwa na jalada zuri na namba ya ISBN, wala kwa sura hazitofautiki. Katika mfano huu makala moja ilipita njia ya kwanza na nyingine njia ya pili. Kuziweka zote mbili chini ya maneno "zilizopitiwa na wataalamu" ni kusema uongo kuhusu moja. Kuziacha zote nje ni kuidhulumu nyingine. Kila moja iandikiwe lake: "ikisiri ilipitiwa" na "makala kamili ilipitiwa". Hesabu inakuwa 9.

Hata hivyo, makala iliyopitiwa kikamilifu ilipanuliwa baadaye na kuwa mojawapo ya zile 6 za majarida. Data ni zilezile, hoja kuu ni ileile, kilichoongezwa ni mjadala wa nadharia. Kuichapa upya si kosa, lakini kuinyamazia ni kosa. Maneno "toleo lililopanuliwa la K2", yaliyowekwa mbele ya makala ya jarida, humwacha mtathmini aamue mwenyewe. Asipoambiwa atagundua, kwa kuwa vichwa vya kazi hizo mbili hufanana, na akishagundua ataanza kuzitilia shaka hata zile 7 zisizo na tatizo. Kwa hiyo hesabu ya haki ni kazi 8 zinazojitegemea. Mwombaji anayetaja 8 na kuonyesha zilikotoka ana jalada lenye nguvu kuliko anayetaja 21.

Namba za utambulisho zimeleta mkanganyiko wa pekee. ISSN hutambulisha chapisho la mfululizo, ISBN kitabu, na DOI hati mtandaoni. Hakuna hata moja inayothibitisha kwamba kuna mtu aliyesoma mswada na kuukosoa; gazeti la kila siku nalo huweza kuwa na ISSN. Jina la jarida pia halitoshi. Jarida lenye mapitio madhubuti huchapisha pia tahariri, taazia na uhakiki wa vitabu, ambavyo kwa kawaida huamuliwa na mhariri. Ndiyo sababu uhakiki wa kitabu wa mhadhiri huyu, ingawa umo katika jarida la heshima, haupati alama ya mapitio.

Kuhusu hadhi, neno "itatoka hivi karibuni" lingefaa kuondolewa kabisa katika orodha hizi. Linaficha hali zisizolingana. Kazi moja kati ya mbili zilizoandikwa hivyo ina barua ya mhariri ya kuikubali bila masharti. Nyingine ina ujumbe wa kupokelewa tu. Ya kwanza ni "imekubaliwa", na tarehe ya barua itajwe badala ya mwaka wa kuchapishwa unaokisiwa, kwa kuwa majarida huchelewa na mwaka uliokisiwa hugeuka kuwa taarifa ya uongo. Ya pili ni "imewasilishwa", na mahali pake ni pamoja na zile mbili "zinazotathminiwa", ambazo nazo zitofautiane: moja imerudishwa kwa marekebisho, nyingine bado haijajibiwa. Kazi hizi zote zikae katika kundi lao mwishoni, na juu ya orodha iandikwe tarehe ambayo hadhi hizo zilikuwa sahihi.

Mpangilio huu una upofu wake. Unafaa makala, lakini unawabana wanaotunga kamusi, istilahi, tafsiri na tamthilia. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981 ilitolewa kwa jina la taasisi, TUKI. Mtaalamu aliyefanya kazi katika mradi wa namna hiyo hawezi kujiandika kuwa mwandishi, na akijiweka chini ya "kazi zisizopitiwa" anakana usomaji wa jopo ambao huenda ulikuwa mkali kuliko wa majarida mengi. Kundi la "kazi za marejeo na ubunifu" linahitajika, na ndani yake kila kazi iseme mwombaji alifanya nini hasa (kukusanya data, kufafanua vidahizo au kuhariri) na ni nani aliyeidhinisha. Vitabu vya kiada vya mhadhiri wetu vingestahili maelezo ya aina hiyo pia: ithibati ya mamlaka ya mitaala ni ukaguzi halisi, ingawa unapima ulinganifu na muhtasari na si ugunduzi. Vyuo vyenye fomu ya visanduku viwili tu, "imepitiwa" na "haijapitiwa", vinawalazimisha waombaji wa Kiswahili kuchagua kati ya kutia chumvi na kujipunja, na marekebisho ya fomu hiyo yako mikononi mwa vyuo, si mwa waombaji.