Isipokuwa

Ripoti ya mkaguzi wa hesabu huwa na kurasa mbili au tatu mwanzoni mwa kitabu kizito cha taarifa za fedha, na wajumbe wengi wa bodi huziruka wakakimbilia faida na gawio. Mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya mikopo, na siku hizi kurasa hizo ndizo ninazosoma kwanza, polepole, kidole kikiwa kwenye mstari. Lugha yake inafanana mwaka hadi mwaka, kampuni hadi kampuni, kwa sababu viwango vya kimataifa vya ukaguzi ndivyo vinavyoelekeza maneno. Kufanana huko ndiko kunakomsaidia msomaji, maana neno moja likibadilika, mtu amekaa mahali fulani akaamua kulibadilisha.

Zamani maoni ya mkaguzi yaliwekwa mwishoni, baada ya aya ndefu za wajibu wa kila mtu. Viwango vilivyorekebishwa mwaka 2015 viliyapandisha juu kabisa. Kwa hiyo aya ya kwanza ndiyo hukumu, na aya ya pili, iitwayo msingi wa maoni, ndiyo sababu. Hati ikiwa safi, aya hiyo ya pili husema tu kwamba ukaguzi ulifuata viwango, mkaguzi yu huru, na ushahidi alioupata unatosha. Hati ikiwa na kasoro, ukweli wote umelala hapo.

Tuchukue mfano wa SACCOS ya walimu, ya kubuni, lakini tarakimu zake ni za aina ninazokutana nazo. Imekopesha wanachama shilingi bilioni 2.4. Katika hizo, milioni 310 hazijalipwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Chama kimetenga milioni 90 tu kufidia mikopo hiyo chechefu, na taarifa yake inaonyesha ziada ya milioni 95. Mkaguzi amepitia mafaili, ametazama dhamana na marejesho, akaona kilichopaswa kutengwa ni milioni 270. Ameiomba bodi irekebishe. Bodi imekataa, kwa kuwa mkutano mkuu uko karibu na wanachama wanasubiri gawio.

Hapo mkaguzi ataandika kwamba taarifa zinatoa picha ya kweli na ya haki, isipokuwa kwa athari za jambo lililoelezwa kwenye msingi wa maoni. Ukishuka kwenye aya hiyo utakuta tarakimu zenyewe: tengo limepungua kwa milioni 180, na ziada imezidishwa kwa kiasi hichohicho. Kiwango kinamtaka ataje kiasi pale kinapoweza kukadiriwa. Mkopeshaji hahitaji kuwa mhasibu kumaliza kazi iliyobaki. Toa milioni 180 kwenye ziada ya milioni 95, unapata hasara ya milioni 85. Gawio linalopendekezwa halina mahali pa kutoka. Ni aya moja tu, na mwenye penseli ameshaiona hali halisi ya chama.

Sasa tubadilishe kitu kimoja. Mikopo ni ileile milioni 310, ila safari hii mafaili yake hayapatikani. Ofisi imehama, karatasi za dhamana hazionekani, na mkaguzi hakupata njia nyingine ya kujiridhisha kama mikopo hiyo inalipika, au hata kama wakopaji wapo. Ataandika karibu sentensi ileile, ila ataongeza maneno machache: isipokuwa kwa athari zinazoweza kuwepo.

Nayapenda sana maneno hayo mawili, zinazoweza kuwepo, kama mtu anavyopenda ushono mwembamba uliobeba uzito wa kanzu nzima. Asiyezoea huyaona mapole, kana kwamba mkaguzi ana wasiwasi tu. Mara nyingi kwa mkopeshaji ndiyo habari mbaya zaidi. Katika hali ya kwanza mkaguzi ameona kosa, amelipima, amekupa tarakimu uitoe mwenyewe. Katika hii ya pili hakuna cha kutoa, kwa kuwa hakuna aliyeona. Kwa hiyo swali la kumpelekea meneja nalo linabadilika. Kule ungeuliza, kwa nini mmekataa kurekebisha? Huku unaomba orodha ya wakopaji, mikataba yao na hati za dhamana, na unataka kuwasikia baadhi yao wakikiri deni kwa vinywa vyao.

Neno isipokuwa hutosha pale tatizo linapokaa mahali pamoja. Likienea hadi taarifa nzima isiaminike, mkaguzi haweki tena isipokuwa. Kama ameliona na kulipima, anasema taarifa hazitoi picha ya kweli na ya haki. Hiyo ndiyo hati isiyoridhisha. Kama ni ushahidi uliokosekana, tuseme daftari lote la mikopo na akiba limepotea, basi anakataa kutoa maoni. Na hapa fundi huonekana hata kwenye kitenzi cha kwanza. Ripoti ya kawaida huanza kwa kusema tumekagua taarifa za fedha. Hii husema tuliteuliwa kukagua. Hawezi kudai amefanya kazi ambayo hakuwezeshwa kuimaliza, kwa hiyo anakiri uteuzi wake tu.

Baada ya hapo kuna aya ambazo hazibadilishi hukumu, nazo huwakosesha wengi njia. Msisitizo wa jambo ni mkaguzi kunyoosha kidole: someni tanbihi namba 19, kuna kesi ya kiwanja mahakamani. Jambo limeshaelezwa vizuri na chama chenyewe, naye anaona tusilipite. Aya hiyo inasema wazi kwamba maoni hayajabadilika.

Nyingine ina kichwa chake peke yake, kuhusu mashaka makubwa juu ya uwezo wa taasisi kuendelea na shughuli. Hii hukaa chini ya hati iliyo safi kabisa, na hapo ndipo nimeona wakopeshaji wakiteleza: wameona hati safi, wakafunga kitabu. Usafi wa hati unahusu taarifa, kwamba zimesema kweli. Taarifa zinaweza kusema kweli kwamba chama kinakaribia kuzama. Kama chama kingeyaficha mashaka hayo, au kuyaeleza nusunusu, ndipo hati yenyewe ingechafuka.

Aya za wajibu zilizobaki nazisoma haraka, ila nasimama kwenye maneno uhakika wa kuridhisha. Ni uhakika wa hali ya juu, lakini si dhamana. Mkaguzi huchukua sampuli, na ulaghai uliosukwa na watu kadhaa pamoja, wenye risiti za kughushi, unaweza kumpita hata aliye makini.

Mwisho kabisa, chini ya sahihi, kuna tarehe. Mwaka wa SACCOS yetu umeishia tarehe 31 Desemba, na ripoti imesainiwa tarehe 28 Machi. Hadi siku hiyo mkaguzi alikuwa anauliza na kutazama yaliyotokea baada ya mwaka kufungwa. Mkopaji mkubwa akifilisika mwezi Februari, nategemea kulikuta jambo hilo humo. Akifilisika Mei, ripoti hii haina habari naye, na mimi ninayesoma Agosti lazima niulize mwenyewe. Kisha narudi kurasa chache kutafuta tarehe ambayo bodi iliziidhinisha taarifa hizo. Mkaguzi hawezi kusaini kabla yao, kwa kuwa mpaka wazipokee kuwa ni zao, hakuna hesabu zilizokamilika za kutolea maoni. Nikikuta yeye ametangulia, kalamu naiweka chini na simu naichukua.