Ufundi wa Kuwaalika Wawili

Kadi ya mwaliko wa harusi ya Kitanzania ina ufundi ambao hatuusifu vya kutosha. Juu kuna maua, majina mawili yaliyoandikwa kwa hati ya mikogo na maneno ya kumshukuru Mungu. Chini kuna ukumbi, tarehe, saa, namba za simu za kuthibitisha, na pembeni lile neno dogo linalozuia ugomvi mlangoni: singo au dabo. Hakuna anayelalamika kwamba neno dabo limeyapunguza mapenzi ya maharusi. Lakini kila inapokaribia 14 Februari, migahawa mingi inayotangaza chakula cha jioni cha wapendanao huandika kana kwamba kadi hiyo haijawahi kupita mikononi mwao. Hoja yangu ni kwamba saa, bei na masharti ya kuweka nafasi ni sehemu ya mahaba yenyewe, na anayeyaficha ili tangazo lipendeze amelitia doa.

Chukua tangazo la kawaida la siku hizi: mawaridi yamejaa picha nzima, kisha “Usiku wa mahaba, saa 8 usiku, bei kuanzia 60,000, nafasi chache, njoo inboksi.” Saa hiyo imechukuliwa kwenye saa ya Kizungu ikabandikwa neno usiku, na kwa Kiswahili ni wakati ambao hata mlinzi amesinzia. Msomaji atakisia kuwa ni saa 2. Ile 60,000 haikisiki, kwa sababu haisemi kama ni ya mmoja au ya wawili, na neno “kuanzia” limeuacha mlango wazi kwa vinywaji, huduma na kodi. Hesabu hiyo itakuja kufanyika mezani, mbele ya mtu aliyealikwa, na aliyealika akijumlisha kimoyomoyo huku akijifanya anatabasamu. Mahaba hufa hapo.

Mwandishi anayeijua kazi hutumia sentensi moja au mbili za mahaba, na huzichota kwenye kitu ambacho mgahawa unacho kweli. Tuseme ni mgahawa wa ufukweni Dar es Salaam, wenye meza 12 za wawili na zamu mbili. Jua la Februari huko huzama kabla ya saa 1 jioni. Basi zamu ya kwanza, saa 12 jioni hadi saa 2:15 usiku, anaiita ya wanaotaka kuliona jua likizama. Ya pili, saa 2:45 hadi saa 5 usiku, ni ya wanaotaka taarabu na pweza wa nazi kwa mwanga wa mishumaa. Saa imepambwa na bado inafanya kazi yake. Zile dakika 30 za katikati ni za kubadili vitambaa na kupanga meza upya. Mwisho wa zamu usipotajwa, wa kwanza hukaa hadi saa 3, na hawana kosa, huku wa pili wakisimama mlangoni na maua yao. Bei inafuata kwa mstari mmoja: Sh 120,000 kwa wawili, kodi na huduma ndani, vinywaji mbali. Arubuni ni Sh 40,000 kwa Lipa Namba, na jina la mgahawa limeandikwa kando yake, ili mlipaji alilinganishe na lile linalotokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri. Anayeghairi kabla ya saa 6 mchana tarehe 12 hurudishiwa.

Watakuja wanaosema kwamba kutaja pesa kwenye wito wa mapenzi ni ushamba. Pesa itatajwa tu. Swali ni itajwe wapi, kwenye tangazo anayealika akiwa peke yake au kwenye bili wakiwa wawili. Wafanyabiashara wana hoja nzito zaidi: bei ikifichwa, mteja huuliza, na anayeuliza anaweza kushawishika. Ni kweli kwa muuza viatu. Mgahawa wenye nafasi 24 tu kwa usiku mzima hauhitaji mazungumzo 200 ya “bei gani?”, tena wiki ambayo mhudumu anayejibu simu ndiye huyo huyo anayepokea arubuni na kuandika majina daftarini.

Kinachosikitisha ni kwamba violezo vya simu vimetuzoesha kubadili mwaka tu na kuacha mengine yalivyo, wakati tarehe 14 haiji na siku ile ile. Mwaka 2024 iliangukia Jumatano ya Majivu, Wakatoliki wakiwa wamefunga na kuacha nyama, na tangazo lililotaja samaki wa kupaka lingewafikiria. Mwaka 2027 itakuwa Jumapili. Wengi wa wageni wa usiku huo watatakiwa kazini Jumatatu asubuhi. Waandikieni zamu ya pili inakwisha saa ngapi.