Safu Mbili, Lugha Tatu: Uhakiki wa Kijitabu cha Ibada ya Mazishi cha Kampala

Ikisiri

Makala hii inahakiki kijitabu cha utaratibu wa ibada ya mazishi kilichochapishwa Kampala kwa Kiingereza na Kiswahili. Inadai kwamba mpangilio wa safu mbili unamfanya msomaji aamini kuwa lugha hizo zinasema jambo moja, ilhali Kiswahili kimenakiliwa kutoka Kiingereza hata pale ambapo tendo lenyewe limetoka katika lugha ya tatu, yaani Kiganda. Athari yake ni ndogo katika nyimbo, kubwa zaidi katika wasifu na salamu, na ni nzito katika kutangazwa kwa mrithi, ambako neno moja linaweza kuzua mgogoro wa mali.

Utangulizi

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mjadala wa utekelezaji umejikita shuleni na ofisini. Kijitabu cha mazishi hakimo katika mjadala huo, ingawa ni miongoni mwa matini chache za Kiswahili ambazo familia za Kampala huzigharimia zenyewe bila kuagizwa na serikali. Familia hufanya hivyo kwa sababu ya wageni: wakwe kutoka Nairobi au Kisumu, wafanyabiashara wenzao marehemu kutoka Mwanza au Bukavu, na wenzake wa jeshini au polisi, ambako Kiswahili kina historia ndefu nchini humo.

Kijitabu kinachohakikiwa ni cha ibada ya Kianglikana. Majina yote yameachwa ili kuisitiri familia. Kina kurasa 16, Kiingereza kikiwa safu ya kushoto na Kiswahili safu ya kulia.

Karatasi na idadi ya kurasa

Kabla ya kuhukumu lugha, yafaa kujua jinsi vijitabu hivi vinavyotengenezwa. Vingi vya Kampala hupangwa na kuchapwa katika maduka ya Barabara ya Nasser na Barabara ya Nkrumah, mara nyingi katika siku moja au mbili baina ya kifo na mazishi. Karatasi ya A4 hukunjwa katikati na kubanwa kwa pini, kwa hiyo kila karatasi moja hutoa kurasa nne. Matini ikizidi kurasa 16, haiwezekani kuongeza ukurasa mmoja. Ni lazima ziongezwe nne, na gharama ya nakala zote ipande.

Jambo hilo linaeleza pengo ambalo msomaji huliona mara moja. Nyimbo na masomo yana safu mbili kamili, lakini wasifu wa marehemu una kurasa tatu kwa Kiingereza na nusu ukurasa kwa Kiswahili. Salamu za watoto ziko kwa Kiingereza pekee, isipokuwa moja. Nafasi ilipokwisha, kilichokatwa ni Kiswahili, tena katika sehemu ambayo haikuwa na matini iliyo tayari. Wimbo unaweza kunakiliwa kutoka Tenzi za Rohoni, na Zaburi ya 23 kutoka Biblia ya 1952, lakini maisha ya mtu hayana kitabu cha kunakili. Kwa hiyo mgeni wa Kiswahili anashiriki ibada yote, lakini hapati kumjua anayezikwa.

Nyimbo

Katika nyimbo mpangilio wa safu mbili unafaulu kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa tafsiri za Kiswahili zilitungwa zifuate mizani za Kiingereza na waombolezaji wanaweza kuimba lugha zote mbili kwa wakati mmoja. “Mwamba Wenye Imara”, tafsiri ya wimbo wa Augustus Toplady wa mwaka 1776, hufuata mishororo ya mizani saba kama asili yake. Tofauti iko kwenye mkazo. Mshororo wa Kiingereza huishia kwenye silabi yenye mkazo, na tuni huiwekea noti nzito. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika neno “imara” sauti ya kawaida hupanda kwenye “ma”, lakini tuni huiegemea “ra”. Waumini wamelizoea jambo hilo na haliwasumbui.

Kinachowasumbua ni upangaji wa herufi. Programu ya kupangia kurasa iliachwa ikate maneno kwa kanuni za Kiingereza, na neno “Mungu” likakatwa baada ya “Mun”. Silabi za Kiswahili ni “Mu” na “ngu”. Mwimbaji asiyeujua wimbo kwa moyo, ambaye ndiye aliyechapishiwa maneno, anatia noti mahali pasipo na silabi. Dawa ni rahisi: kuzima ukataji wa maneno katika safu ya Kiswahili.

Ukurasa wa nyimbo ndio pia mahali pekee ambapo Kiganda kimeonekana. Kiitikio cha “Tukutendereza Yesu”, wimbo wa uamsho unaojulikana Afrika Mashariki nzima, kimewekwa chini ya safu zote mbili bila tafsiri. Waandaaji walitambua kwamba Mkenya na Mtanzania wa uamsho hukiimba hivyo hivyo. Uamuzi huo ni sahihi, na ungeweza kuwa kielelezo kwa kurasa zinazofuata.

Vichwa, wasifu na salamu

Vichwa vya Kiswahili vimefasiriwa neno kwa neno. Jalada linasema “Sherehe ya Maisha”. Kiswahili hakiiti msiba sherehe, na “Ibada ya Shukrani kwa Maisha ya” ingetosha. Mahali pa neno la shukrani pameandikwa “Kura ya Shukrani”, kana kwamba waombolezaji watapiga kura. Kutoa heshima za mwisho kumeitwa “Kutazama Mwili”. Katika wasifu, marehemu “amenusurika na mke na watoto watano”, kauli inayomaanisha kwamba alipona pamoja nao. Mswahili husema tu kwamba ameacha mjane na watoto watano.

Salamu ya mtoto iliyofasiriwa ina tatizo jingine, nalo si la msamiati. Katika ada ya Kiingereza iliyoenea Kampala, mtoto humsemesha marehemu moja kwa moja. Katika misiba ya Waswahili, salamu za rambirambi huelekezwa kwa wafiwa, na wasifu humtaja marehemu kwa nafsi ya tatu. Mtu anaweza kumsemesha marehemu kwa Kiswahili, na ushairi wa maombolezo hufanya hivyo, lakini huhitaji kauli za namna hiyo. Mfasiri ameandika “Utakosekana sana”, na msomaji wa Dar es Salaam angeuliza marehemu atakosekana wapi. Kauli iliyokuwapo ni “umetuachia pengo lisilozibika”. Imechakaa kwa matumizi, lakini kwenye msiba kauli iliyochakaa humfariji mfiwa kwa sababu anaifahamu.

Musika, mrithi na msimamizi

Ukurasa wa 14 una kipengele kinachoitwa “Kutangazwa kwa Mrithi”. Safu ya Kiingereza ina neno lenye maana hiyo hiyo. Kinachotangazwa hasa ni musika wa Kiganda. Huyu huteuliwa na wazee wa ukoo, na si lazima awe mtoto wa kwanza. Kutawazwa kwake hukamilika katika okwabya olumbe, sherehe ya kuhitimisha msiba, ambamo huvikwa lubugo, yaani vazi la gome la mti, na mwanamume hukabidhiwa mkuki. Hushika nafasi ya marehemu katika ukoo: huitwa kwa nafasi hiyo, huhudhuria shughuli za ukoo kwa niaba yake, na huwa mzazi kwa watoto wake. Hilo halimfanyi mmiliki wa mali yote.

Sheria ya urithi ya Uganda imeitambua tofauti hiyo. Marehemu asipoacha wosia, mrithi wa kimila hutengewa asilimia 1 ya mali, na watoto wa marehemu kwa pamoja asilimia 75. Anayekusanya mali na kuigawa ni msimamizi wa mirathi, mwenye idhini ya mahakama. Kuna watu watatu hapa: anayeshika nafasi, wanaopata mali, na anayeisimamia.

Sasa tumfikirie shemeji wa marehemu kutoka Mwanza akisoma ukurasa huo. Kwao, kikao cha familia baada ya mazishi hupendekeza msimamizi wa mirathi, na mrithi ni mwenye haki ya kupata mali. Akisoma kwamba kijana fulani ametangazwa “mrithi”, atafahamu ama kwamba kijana huyo amepewa nyumba na shamba, ama kwamba amekabidhiwa kuzisimamia. Fahamu zote mbili si sahihi. Mjane asiyejua Kiganda, ambaye ndugu zake wanategemea safu ya kulia, anaweza kuambiwa na watu wake mwenyewe kwamba mambo yamekwisha amuliwa kanisani. Kijitabu hakina nguvu ya kisheria, lakini hutunzwa kabatini kwa miaka, na hubaki kuwa maandishi pekee ya siku hiyo yaliyo mikononi mwa wageni.

Marekebisho yake hayahitaji zaidi ya mstari mmoja: “Kutangazwa kwa Musika (mshika nafasi ya marehemu katika ukoo, si mgawanyo wa mali)”. Njia hii ndiyo iliyotumiwa kwenye kiitikio cha uamsho: neno la Kiganda limeachwa lilivyo, isipokuwa hapa linahitaji maelezo.

Jalada la nyuma linaonyesha kwamba si kila neno la Kiganda linahitaji kubakizwa. Mabugo, ambayo zamani yalikuwa mavazi ya gome yaliyoletwa na waombolezaji na sasa ni fedha, yamefasiriwa kuwa “rambirambi”. Tafsiri hiyo ni nzuri, kwa kuwa nchini Tanzania rambirambi ni maneno ya pole na pia fedha wanazopewa wafiwa. Hapo mfasiri aliliangalia tendo lenyewe, si neno la Kiingereza lililokuwa kando yake.

Hitimisho na mapendekezo

Udhaifu wa kijitabu hiki hautokani na uhaba wa maneno ya Kiswahili, kwani karibu kila kauli iliyokosewa ina kauli sahihi inayotumika kila siku Tanzania na Kenya. Unatokana na njia ya kufasiri, ambayo hupitia Kiingereza hata baina ya lugha mbili za Kibantu zenye ada zinazokaribiana. Makala inapendekeza mambo mawili. Kwanza, vyombo vinavyosimamia Kiswahili nchini Uganda viandae, pamoja na makanisa, kiolezo cha kurasa nne chenye vichwa sahihi vya ibada na mfano wa wasifu mfupi, kipatikane bure kwa wapiga chapa. Karatasi moja iliyokunjwa inatosha. Pili, orodha za istilahi za sheria za familia zitenganishe musika, mrithi wa mali na msimamizi wa mirathi, na zianzie kwenye lugha za Uganda badala ya Kiingereza. Mwanafunzi anayejifunza Kiswahili shuleni leo ndiye atakayeombwa na familia yake kesho kujaza safu ya kulia, akiwa na saa chache tu kabla ya mazishi.